Dawa Mbili Hukutana Wapi?

Kabla mkutano haujaanza, humwomba mwenyekiti wa kijiji atandike mkeka mbele, kati ya meza yangu na benchi la wazee. Mkeka huo si wa kukalia. Siku mbili kabla, wenyeviti wa vitongoji huwa wamekwisha kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu waje na kila dawa wanayotumia, ya zahanati na ya shambani, hata ile iliyobaki kwenye chupa. Ikifika saa nne asubuhi mkeka umejaa. Utakuta majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini, magome ya mwarobaini yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba, karela mbichi, vitunguu saumu vilivyolowekwa ndani ya asali, na unga wa kijani ndani ya kopo la maziwa ambalo karatasi yake imebanduliwa. Kando yake zimelala pakiti za vidonge vya presha na vya sukari.

Mimi ni mfamasia mstaafu, na mikutano hii naifanya katika vijiji vya Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Hotuba yangu ya mwanzo ilikuwa fupi: acheni mitishamba, shikeni vidonge. Watu waliniitikia kwa heshima, wakarudi nyumbani, wakaendelea kuchemsha. Kilichobadilika ni kwamba waliacha kutuambia. Hilo liliniumiza baadaye, nitakapofika kwenye habari ya mzee mmoja mtaona kwa nini. Hotuba ya sasa nimeigeuza kabisa, na huanza hivi:

"Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu wengine, hamjambo. Leo sikuja kumnyang'anya mtu chupa yake. Wenyeji wa huku mnajua kwamba kule juu Amani Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902, na miongoni mwa miti waliyoipanda ulikuwamo mkwinini. Gome lake ndilo linalotoa kwinini, dawa iliyowaokoa wengi na malaria. Na hiki kidonge cha metfomini, ambacho wengi wenu mnapewa kliniki kwa ajili ya sukari, asili yake ni utafiti wa mmea mmoja wa Ulaya uitwao galega. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba majani hayana nguvu. Yana nguvu, na kwa sababu yana nguvu, ukiyanywa pamoja na kidonge lazima tuulizane: hizi dawa mbili zikishaingia mwilini, zinakutana wapi?"

Swali hilo ndilo uti wa mgongo wa hotuba yote. Dawa zinaweza kukutana tumboni kabla hazijaingia kwenye damu. Zinaweza kukutana pale mwili unapozivunjavunja ili zitoke, yaani kwenye ini na hata kwenye ukuta wa utumbo. Au zinaweza zisigusane kabisa njiani, kila moja ikapita njia yake, zikakutana kazini: zote mbili zinashusha sukari, au zote mbili zinashusha presha. Mkutano huu wa tatu ndio nauogopa kuliko yote, maana unatokea kimyakimya na ndio unaowapata watu wengi vijijini. Basi hapo ndipo huingiza habari ya mzee.

Alikuwa na umri wa miaka 68, mkulima wa machungwa. Sukari yake iligunduliwa miaka sita nyuma. Alikuwa anameza metfomini asubuhi na jioni, na glibenklamaidi ya miligramu 5 asubuhi na jioni vilevile. Kipimo chake cha asubuhi kabla ya kula kilikuwa kinasoma 9 au 10, na kila akienda kliniki aliambiwa bado iko juu. Ilimchosha. Binti yake akamletea karela kutoka mjini, akamwonyesha namna ya kuisaga na kuchuja, nusu glasi kabla ya chai ya asubuhi. Jirani naye akamwambia mwarobaini ni bora zaidi, basi jioni akawa anachemsha konzi ya majani katika maji ya lita moja na kunywa kikombe. Vidonge hakuacha hata kimoja. Alikuwa mgonjwa mwaminifu, na uaminifu huo ndio uliomfikisha alikofika.

Siku ya tisa, alfajiri, mkewe aliamshwa na mtikisiko wa kitanda. Mzee alikuwa ameloa jasho, baridi kama aliyetoka mtoni, anatetemeka na kusema maneno yasiyoshikana. Alipoulizwa anaumwa wapi alikasirika, akamsukuma mkewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika maisha yao yote. Waliomzunguka walikuwa na maelezo mawili. Wengine walisema ni malaria imepanda kichwani, wengine wakasema amepandwa na mashetani. Mjukuu mmoja ndiye aliyekimbia kumwita mhudumu wa afya wa kitongoji, ambaye kwa bahati alikuwa na kimashine cha kupimia sukari. Kilisoma 2.1.

Hapa husimama kidogo, nikaeleza namba. Sukari ikisoma chini ya 4 kwa mtu anayetumia dawa za kuishusha, hiyo ni hatari inayohitaji kushughulikiwa palepale, bila kungoja asubuhi. Ikishuka chini ya 3, ubongo unaanza kukosa chakula chake, maana ubongo hutegemea sukari kuliko kiungo kingine chochote. Ndiyo maana dalili zake zinafanana na ulevi, au wazimu, au pepo: mtu anatokwa jasho baridi, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, njaa inamshika ghafla, kisha anachanganyikiwa na kuwa mkali. Asiposaidiwa huanguka kifafa au huzimia. Na anayetumia propranoloi au atenoloi kwa ajili ya presha au moyo huenda asisikie mtetemeko wala mapigo ya moyo. Kwake dalili inayobaki mara nyingi ni jasho.

Mhudumu alimwita, "Babu, unanisikia?" Mzee aliitikia na aliweza kumeza. Jambo hilo liliamua kila kilichofuata. Alikoroga vijiko vinne vidogo vya sukari katika nusu kikombe cha maji, akamnywesha polepole akiwa ameketishwa. Baada ya dakika 15 alipima tena, ikasoma 3.4. Akampa tena kiasi kilekile, na baada ya dakika 15 nyingine ilifika 5.2. Mzee akawatazama watu waliojaa chumbani akauliza kuna msiba gani. Wakampa uji. Kama angekuwa amezimia, mhudumu asingemmiminia kitu mdomoni, kwa sababu kingeingia kwenye mapafu. Angemlaza kwa ubavu na kumkimbiza mahali pa kuwekewa dekstrozi kwenye mshipa.

Familia ilitaka kuishia hapo, maana mgonjwa amekula na anaongea. Mhudumu alikataa, akawaambia bodaboda iitwe wakati huohuo. Alikuwa sahihi. Glibenklamaidi inakaa mwilini muda mrefu, na kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Kikombe cha maji ya sukari kinaisha nguvu katika muda mfupi, lakini kidonge kilichomezwa jioni bado kinakamua. Kweli, saa tano mchana, akiwa kitandani hospitali, sukari ilishuka tena hadi 2.8, na ilibidi awekewe dripu ya dekstrozi na kuangaliwa usiku kucha. Metfomini peke yake ni nadra sana kumfikisha mtu hapo, kwa kuwa yenyewe hailikamui kongosho.

Watu huuliza: basi muuaji ni karela? Nawajibu kama nijuavyo, wala sizidishi. Vipimo vilionyesha pia kwamba figo zake zilikuwa zimechoka, na figo zikichoka glibenklamaidi hujikusanya mwilini kwa sababu haitoki upesi. Uchungu wa mwarobaini ulikuwa umemwondolea hamu ya kula, na kwa siku tatu alikuwa hali cha jioni ila chai. Juu ya hayo yote ikaja karela. Kwamba karela inaweza kuongeza nguvu ya vidonge vya namna hii si uvumi: mwaka 1979 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha habari za mwanamke wa asili ya Pakistani aliyekuwa anatumia kidonge cha sukari cha jamii hiyohiyo ya kukamua kongosho, ambaye sukari yake ilishuka kuliko ilivyotarajiwa alipokuwa anakula mchuzi wa karela. Majani ya mwarobaini nayo yameonekana kushusha sukari katika majaribio ya maabara. Kila kimoja peke yake huenda kisingemwangusha mzee. Vilimwangusha kwa kuwa vyote vilivuta upande mmoja, na sisi wa kliniki hatukujua, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuwafundisha watu kunyamaza.

Baada ya habari hii mkono wa kwanza kuinuka huwa na swali lilelile, kijiji chochote niendako: "Daktari, nikiacha saa mbili kati ya kidonge na dawa ya majani, si inatosha?" Mimi si daktari, lakini nimekwisha kuacha kuwasahihisha. Swali lenyewe ni zuri sana, na jibu lake liko kwenye lile swali la kukutana.

Kama dawa zinakutana tumboni, saa mbili zinasaidia. Mfano ninaoutumia ni wa kina mama wajawazito wanaopewa vidonge vya kuongeza damu. Ukimeza kidonge cha madini ya chuma kisha ukakishushia na chai ya rangi nzito, ule ukali wa chai unayashika madini tumboni na mengi yanatoka nayo chooni. Majani na magome mengi machungu yenye kukausha ulimi yana ukali wa namna hiyohiyo. Hapo ukimeza kidonge kwa maji, ukangoja saa mbili ndipo unywe chai yako au dawa yako ya magome, umefanya jambo la maana.

Lakini yule mzee alikuwa ameacha saa nyingi kuliko mbili. Karela aliinywa alfajiri, mwarobaini jioni baada ya magharibi. Dawa zake hazikukutana tumboni, zilikutana kazini, ndani ya damu, na kazini hakuna zamu. Ukimtuma mtu mmoja kuteremsha gunia kichwani kwako na mwingine akaja baadaye kulivuta, gunia litaanguka tu hata kama hawakufika saa moja. Hii ndiyo sentensi ambayo nataka kila mtu aondoke nayo mkutanoni, na huirudia mara mbili: kupishanisha saa hakusaidii pale dawa mbili zinapofanya kazi moja.

Mkutano wa katikati, ule wa kuvunjavunja, nauelezea kwa balungi, kwa kuwa watu wengi hunywa juisi yake wakiamini inashusha presha. Kwenye ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya ambacho huvunja sehemu ya baadhi ya dawa kabla hazijaingia kwenye damu. Mtengenezaji wa kidonge amekwisha kulihesabu hilo. Miligramu alizoweka anajua zote hazitafika. Balungi linakizima kimeng'enya hicho. Matokeo yake nifedipini, dawa ya presha, au simvastatini, dawa ya mafuta kwenye damu, inaingia nyingi kuliko ilivyokusudiwa, kana kwamba umemeza zaidi ya kidonge chako. Mtu wa nifedipini huumwa kichwa, uso unamwaka moto, akisimama anaona kizunguzungu. Na kimeng'enya kikishazimwa huchukua siku nzima au zaidi mwili kutengeneza kingine, kwa hiyo hapa napo saa mbili hazifui dafu. Chungwa la kawaida halina shida hiyo, jambo ambalo huko kwetu hupokewa kwa shangwe.

Baada ya hapo hotuba inageuka mazungumzo, na hushuka kwenye mkeka. Nashika kopo la unga wa kijani nikauliza la nani, na lina nini ndani. Mara nyingi mwenyewe hajui. Aliuziwa mnadani na mtu aliyepita na kipaza sauti. Hapo huwa mkali kidogo. Jani la mlonge ulilolichuma mwenyewe unalijua. Unga usio na jina unaweza kuwa na chochote, hata vidonge vya kiwandani vilivyosagwa na kuchanganywa humo ili mnunuzi aone matokeo ya haraka. Mwaka 1968 au mwaka huu, tamaa ya muuzaji ni ileile, ila sasa vidonge vya kusaga ni rahisi kupatikana. Mwaka 2008 huko Singapuri watu kadhaa wasio na kisukari walifikishwa hospitali sukari zao zikiwa zimeshuka vibaya baada ya kutumia dawa haramu za nguvu za kiume. Ndani yake ilikutwa glibenklamaidi, na wagonjwa wanne walifariki. Nchini kwetu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kuwasajili waganga na dawa zao. Basi muulize muuzaji usajili wake, na akikujibu kwa hasira umepata jibu.

Mganga wa kijiji humwalika pia, nikampa nafasi ya kusema. Mmoja wao alisema jambo ambalo tangu siku hiyo nimeliingiza katika hotuba. Yeye mtu akija kwake, kabla hajamgusa wala kumpa kitu, humwambia, "Lete kadi yako ya kliniki niione." Akikuta ni mtu wa sukari au presha, au mjamzito, dawa nyingine humnyima. Kuhusu wajawazito alikuwa mkali kuliko mimi: hampi mtu dawa ya kuharakisha uchungu. Ana haki. Mama aliyekunywa dawa hiyo nyumbani, akifika wodini na kuwekewa dripu ya kuongeza uchungu na mkunga asiyejua, kizazi kinasukumwa na dawa mbili kwa wakati mmoja na kinaweza kupasuka. Bibi aliyemchemshia na asemwe waziwazi mlangoni mwa wodi, hata kama atakaripiwa, kwa maana mkunga akijua anaweza kuizuia dripu.

Wapo wanaoenda upande wa pili, wakaacha vidonge kabisa. Wengi tunaikumbuka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha shilingi 500. Kwa wagonjwa wa sukari na wale wa dawa za kufubaza virusi, madhara makubwa hayakutokana na kikombe bali na vidonge vilivyoachwa nyumbani kwa imani kwamba kazi imekwisha. Mtu wa insulini akiacha sindano, siku chache tu zinatosha kumlaza mahututi.

Sasa je, mtu afanye nini na chupa yake? Ninachowaambia kinategemea ameshika kidonge gani mkono wa pili. Anayetumia glibenklamaidi au sindano ya insulini namwambia aache juisi ya karela na vikombe vya mwarobaini vya kila siku. Nafasi ya kukosea ni ndogo mno. Karela ya mchuzi mara mojamoja hainitishi, lakini akiipika kila siku kliniki ijue. Anayetumia metfomini peke yake ana nafasi kubwa zaidi, na akitaka kujaribu mlonge, ajaribu mmea mmoja tu kwa wakati, kwa kikombe kilekile na kipimo kilekile cha majani, ili kitu kikibadilika tujue kimebadilishwa na nini. Siku za mwanzo apime sukari kabla ya kula asubuhi na kabla ya kulala, kama kimashine kipo, au apange na zahanati. Aandike. Namba zikishuka, asipunguze kidonge mwenyewe. Aje nazo, tutapunguza sisi tukiwa tunaziona. Mtu wa figo asijaribu kitu pasipo ushauri, kwa sababu figo ndizo mlango wa kutokea.

Na kwa wenzangu wa zahanati, ambao huwaomba wakae mstari wa mbele wasikie, nina ombi moja kuhusu namna ya kuuliza. Ukimuuliza mgonjwa, "Unatumia dawa za kienyeji?" atasema hapana, maana swali lenyewe lina fimbo. Muulize, "Nyumbani kwenu huwa mnachemsha nini, mama?" Utasikia yote, na kikombe chake, na nani aliyemwelekeza. Kisha yaandike kwenye kadi, mstari uleule wa vidonge.

Yule mzee bado yupo. Kliniki walimwondoa kwenye glibenklamaidi baada ya kuona figo zake, wakampangia dawa nyingine. Karela aliiacha, mwarobaini alisema hawezi, babu yake aliunywa na yeye ataunywa. Wakakubaliana kikombe kimoja kwa wiki, siku ambayo amekula vizuri, na apimwe kesho yake. Mwezi uliopita alikuja mkutanoni akaweka kadi yake kwenye mkeka pamoja na majani. Chini ya metfomini, kwa mwandiko wa nesi, palikuwa pameandikwa: mwarobaini, konzi moja, Ijumaa jioni.